Kikumbusho Kimewekwa, Simu Imekaa Kimya: Jinsi Kutunza Chaji Kulivyonikosesha Oda ya Newala

Wafanyabiashara wenzangu, leo nawaletea kitu ambacho kilinila 60,000 mkononi na kuniachia vitenge kumi na mbili vya rangi moja dukani. Wengi wetu tunauza kwa simu za bei ya kawaida, zile za laki mbili au tatu, na tunaziamini zitukumbushe nani anadaiwa, mzigo wa nani unatoka lini, nani umwandikie jioni. Kumbe simu inaweza kupokea kikumbusho chako vizuri kabisa, ikakuonesha kimewekwa, halafu muda ukifika isiseme kitu. Na haitakuambia kwamba haikusema.

Mimi nina duka dogo hapa Lisekese, Masasi. Nauza vitenge na khanga, na wateja wengi nawapata WhatsApp kupitia stetasi. Msimu wa korosho ukifika, hela ya mnada ikishaingia kwa wakulima, sherehe zinafululiza na sare zinaagizwa kwa haraka. Oktoba hiyo mama mmoja wa Newala aliagiza pisi kumi na mbili za kitenge kimoja, kila moja 14,000. Jumla 168,000. Alitanguliza 60,000, iliyobaki angelipa akipokea mzigo. Fundi wake alikuwa anasubiri kitambaa siku hiyo hiyo asubuhi, maana sherehe ilikuwa kesho yake.

Gari niliyokuwa naitumia kwenda Newala inatoka stendi saa 12 asubuhi. Nikaweka kikumbusho kwenye programu ya vikumbusho niliyopakua, saa 11:15 alfajiri, kwenye kioo inasomeka 5:15 AM. Nikaandika kabisa: "Vitenge 12 Newala, peleka stendi." Nikalala.

Kilichoniamsha ni simu ya mteja, saa moja na nusu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dereva anasema hana mzigo wangu."

Sina haja ya kueleza nilivyojibu. Gari iliyofuata ingefika fundi ameshachelewa, kwa hiyo mama akanunua sare nyingine huko huko Newala na mimi nikamrudishia 60,000 yake. Ilikuwa haki yake.

Ila kuna kitu kimoja niliona asubuhi ile ambacho ndicho kilinifungua macho. Baada ya kumaliza kuongea na mama, nilifungua ile programu kuangalia kama labda niliweka saa vibaya. Ile naifungua tu, simu ikalia. "Vitenge 12 Newala, peleka stendi." Saa mbili kasoro hiyo. Kikumbusho kilikuwepo, saa ilikuwa sahihi, sauti ilikuwa juu. Kilikuwa kimefungiwa ndani.

Fundi simu jirani aliniambia simu ni mbovu, niifute yote ianze upya. Sikukubali, kwa sababu alamu yangu ya saa ya kawaida haijawahi kuniangusha hata siku moja. Kama simu ingekuwa mbovu, mbona ile inalia? Nikaanza kusoma na kujaribu mwenyewe usiku baada ya usiku. Kampuni ya simu yangu siitaji, maana jambo hili lipo kwa namna moja au nyingine karibu kwenye simu zote za Android za bei yetu.

Kwanza tuelewane kinachotokea. Android toleo la 6, la mwaka 2015, lilileta usingizi wa simu. Ukiiweka mezani, kioo kimezima, haipo kwenye chaji, haitikisiki, baada ya muda inalala usingizi mzito. Programu zote zinaambiwa zisubiri. Simu inaamka kidogo kwa vipindi, inaziruhusu zifanye kazi zilizokusanyika, halafu inalala tena. Kadiri inavyokaa bila kuguswa, vipindi hivyo vinazidi kuachana. Mwaka uliofuata, toleo la 7 likaongeza usingizi mwepesi hata simu ikiwa mfukoni inatembea. Kikumbusho cha kawaida kikiangukia katikati ya usingizi kinangoja kipindi kinachofuata. Hakipotei, kinachelewa.

Alamu ya saa haiguswi na usingizi huo. Mfumo unaitambua kama alamu kweli, na simu yenyewe inatoka usingizini muda mfupi kabla haijalia. Ndiyo maana saa inakuamsha kila siku wakati kikumbusho kilicho kwenye simu hiyo hiyo kimelala.

Hiyo ni ya Google. Juu yake watengenezaji wa simu wanaongeza ya kwao, na hapo ndipo simu zetu zinapokuwa kali zaidi. Simu ya bei ndogo ina kumbukumbu ndogo, na mnunuzi anauliza "inakaa na chaji?" kabla hajauliza kitu kingine. Kwa hiyo wanaweka kisafishaji kinachofunga programu usizozitumia. Programu ikifungwa kwa nguvu namna hiyo, Android inafuta miadi yote iliyokuwa imeweka, na haipangi tena mpaka wewe mwenyewe uifungue. Hapa hakuna kuchelewa tena, kikumbusho kimekufa. Ndiyo maana changu kililia nilipofungua programu: ilipoamka iliona kuna kitu kilichopita muda wake, ikakitoa.

Sasa jambo la aibu kidogo. Nusu ya mauaji nilikuwa nafanya mimi. Kila usiku kabla ya kulala nilikuwa nafungua orodha ya programu zilizotumika karibuni, nabonyeza kufuta zote, nikiamini natunza chaji. Kwenye simu zingine kufuta hivyo hakudhuru vikumbusho. Kwenye nyingi za kwetu ni sawa na kuifunga programu kwa nguvu.

Utajuaje simu yako ina ugonjwa upi? Nilifanya jaribio ambalo na wewe unaweza kulifanya bila gharama. Niliweka vikumbusho vitatu kwenye programu yangu: saa 4:40 usiku, saa 8:00 usiku na saa 11:15 alfajiri. Simu nikaitoa kwenye chaji, nikaiweka mezani, sikuigusa. Na nikaweka alamu ya saa ya kawaida saa 11:20.

Usiku wa kwanza nilifanya kama kawaida yangu, nikafuta zote kabla ya kulala. Alamu ya saa ililia 11:20. Vikumbusho vitatu, hakuna hata kimoja. Nikawasha kioo, bado. Nikafungua programu, vyote vitatu vikalia kwa mpigo. Dalili hiyo maana yake ni moja: programu ilikuwa imeuawa.

Usiku wa pili sikufuta kitu. Pia nilirekebisha kosa langu: alamu ya saa nikaisogeza mpaka 12:30, kwa sababu yenyewe inaiamsha simu, na ikiwa karibu na kikumbusho inaweza kukibeba ukadhani kimepona. Matokeo yakabadilika. Cha saa 4:40 kililia kwa wakati, simu ilikuwa haijazama usingizini. Cha saa 8:00 kiliingia saa 8:50. Niliona asubuhi muda ulioandikwa kwenye arifa. Cha 11:15 kilikuja 12:30 pamoja na alamu. Hii ni dalili ya pili: vinachelewa, vinakuja kwa kundi simu inapoamka, bila wewe kufungua programu. Huo ni usingizi, programu haijafa.

Usiku wa tatu nikaanza kutibu, kitu kimoja kimoja ili nijue kipi kimefanya kazi. Niliingia hapa:

```
Settings > Apps > (jina la programu) > Battery > Unrestricted
```

Kwenye matoleo ya karibuni utakuta machaguo matatu: `Unrestricted`, `Optimized` na `Restricted`. Programu nyingi zinaanzia `Optimized`. Simu nyingine zinaandika `App battery usage` badala ya `Battery`. Kwenye za zamani utafute `Battery optimization`, uchague kuonesha programu zote, kisha `Don't optimize`. Kama simu yako umeiweka Kiswahili maneno yatabadilika, ila mpangilio ni ule ule.

Halafu makusudi nikafuta zote tena kabla ya kulala, nione. Asubuhi kimya kama usiku wa kwanza. Kwa hiyo kumbuka hili, maana wengi wanaishia hapa wakidhani wamemaliza: `Unrestricted` inaisamehe programu usingizi wa Android. Kisafishaji cha mtengenezaji kinaweza kuwa na orodha yake nyingine kabisa.

Usiku wa nne niliitafuta hiyo orodha. Kwenye simu za Tecno na Infinix mara nyingi ipo ndani ya programu ya Phone Master, inaitwa `Auto-start management`. Redmi wanaiita `Autostart`, na upande wa betri wanatumia neno `No restrictions`. Samsung wao wana orodha ya programu zinazolazwa na nyingine ya zisizolazwa, `Never sleeping apps`; ya kwako unaiweka kwenye hiyo ya pili. Majina yanahamahama kila toleo, kwa hiyo usihangaike kukariri. Fungua Settings, juu kabisa kuna sehemu ya kutafuta, andika `auto` kisha `battery`, uone inakuletea nini.

Nikairuhusu programu yangu ijiwashe. Kisha nikaifungia kufuli: unafungua orodha ya programu za karibuni, unaishikilia kadi ya programu au unagusa menyu yake, ikija alama ya kufuli unaibonyeza. Kuanzia hapo ukifuta zote yenyewe inabaki. Vitatu vyote vikalia kwa wakati. Cha saa 8:00 usiku kilimwamsha mpaka mdogo wangu, akanilaumu wiki nzima.

Kuwasha auto-start kuna faida nyingine. Simu ikizimwa na kuwashwa, miadi ya programu zote inafutika na kila programu inatakiwa ijipange upya yenyewe. Iliyonyimwa ruhusa ya kujiwasha haijipangi. Kujaribu ni dakika kumi tu mchana: weka kikumbusho cha dakika kumi mbele, zima simu, iwashe, weka namba ya siri, usifungue programu, subiri. Nimesema weka namba ya siri kwa sababu simu ikijiwasha yenyewe usiku, programu nyingi za kupakua hazianzi kufanya kazi mpaka uifungue mara ya kwanza. Kama simu yako ina tabia ya kujizima na kujiwasha usiku, hapo hakuna mpangilio wa betri utakaokusaidia.

Kuna dada mmoja ninayefahamiana naye anauza mafuta na sabuni, yuko Newala. Nilimwelekeza hayo yote, kwake yakagoma. Simu yake ilikuwa mpya, Android 14. Ilichukua siku mbili kugundua kilichokuwa kinakosekana:

```
Settings > Apps > Special app access > Alarms & reminders
```

Ruhusa hii ilianza na toleo la 12. Ndiyo inayoiwezesha programu kusema "nataka kulia dakika hii hii" badala ya "nilize muda wowote karibu na hapo". Kuanzia toleo la 14, programu nyingi mpya unazopakua zinaanza bila hiyo ruhusa, isipokuwa zile za saa na za kalenda. Programu nzuri inakuomba. Ya kwake haikuomba, au iliomba akabonyeza kukataa, maana sote tunabonyeza tu ili tuendelee. Kwa hiyo ukinunua simu mpya au ukifuta programu na kuipakua upya, angalia hapo kwanza.

Na kama una programu unayoifungua mara chache sana, labda ile ya kukumbusha kodi ya fremu kila baada ya miezi sita, ukurasa wake una kitufe kimeandikwa `Pause app activity if unused`. Kizime. Usipoifungua programu miezi kadhaa, Android inailaza moja kwa moja na kuinyang'anya ruhusa ulizoipa.

Sasa mtaniuliza, chaji si itaisha? Programu ya vikumbusho haifanyi kazi muda wote. Inapanga miadi, inakaa kimya, inaamka dakika ikifika. Kwangu sikuona tofauti ya kusema kitu. Chaji inaliwa na kioo, data na video. Ila usije ukazipa `Unrestricted` programu ishirini, hapo kweli utaona. Mimi nimeipa hiyo moja ya vikumbusho na WhatsApp, basi.

Tofauti na hiyo ni kile kitufe cha kutunza chaji chenyewe, hasa ile hali ya mwisho kabisa inayobakiza programu chache tu kwenye kioo. Simu nyingi zinaweza kupangwa zijiingize kwenye hali ya kutunza chaji ikifika asilimia fulani. Hali ya kawaida inabana kazi za nyuma. Ile ya mwisho inaweza kuizima programu yako ya vikumbusho kabisa, hata kama umeifungia kufuli. Umeme ukikatika jioni na wewe una asilimia 18, usitegemee kikumbusho cha alfajiri. Na simu ikizima kabisa, kwa simu nyingi hata alamu ya saa haitalia.

Kwa hiyo siku hizi nimegawa kazi. Kitu chenye gari ndani yake, kinachopita dakika moja na hakirudi, nakiweka kwenye alamu ya saa iliyokuja na simu. Ukiigusa alamu kuna sehemu ya kuandika jina. Naandika "Newala pisi 6, stendi". Ubaya wa saa ni kwamba kwa baadhi ya simu inapanga kwa siku za wiki tu, huwezi kuiambia tarehe 28 mwezi ujao. Kwa hiyo alamu ya mzigo naiweka usiku ule ule ninapofunga mzigo, na kifurushi nakiweka mlangoni kabisa nikikanyage nikitoka. Kitu kisichokufa kikichelewa nusu saa, kama kumwandikia mteja deni lake au kuuliza kama mzigo umefika, hicho kinakaa kwenye programu ya vikumbusho.

Kama umefanya yote na vikumbusho bado vinachelewa kwa kundi, inawezekana programu yenyewe imetengenezwa kuomba ile miadi ya "karibu na hapo". Hakuna kitufe cha kuirekebisha. Pakua nyingine, ifanyie jaribio la usiku mmoja kabla hujaihamishia wateja wako. Mimi ya kwanza niliiacha hivyo baadaye, maana kila simu ilipopata toleo jipya la mfumo ilirudi kuchelewa. Na hilo nalo muangalie: simu ikimaliza kujisasisha, ingia tena kwenye kurasa hizo uone kama mipangilio yako ipo. Yangu ilishawahi kurudi `Optimized` bila kuniuliza.

Vile vitenge kumi na mbili nilikuja kuvimaliza Januari, kwa 12,000 kimoja. Mama wa Newala alirudi Desemba, akaagiza pisi nne. Safari hii hakutanguliza hata mia, akasema atalipa mzigo ukifika. Nikaweka alamu mbili.

Mzigo ulipanda gari ya saa 12.